Balo Chini ya Kitanda Changu

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinipambie maneno. Wewe umesoma, mimi sikusoma. Lakini jambo hili nililitenda mimi, na aliyelitenda ndiye ajuaye lilivyokuwa. Ukiona mahali ninapojitetea, nikatize.

Nilikuwa fundi cherehani mjini Bukavu, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Nilishonea kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja, upande wa Ibanda, mafundi saba tumepangwa ukutani, kila mmoja na mashine yake ya kukanyaga. Mteja aliingia dukani akanunua kitambaa, drili au kaki au amerikani, akatoka nacho mkononi, akachagua fundi. Mwenye duka hakututoza kodi ya baraza, kwa kuwa bila sisi kitambaa chake kingekuwa kitambaa tu. Yeye alitulisha na sisi tulimlisha.

Kwa kuwa sikujua kuandika, nilipima watu kwa kamba. Nilisuka kamba nyembamba ya nyuzi za mgomba, nikamzungushia mteja, na kila kipimo nikakipiga fundo: la kwanza bega, la pili kifua, la tatu mkono, la nne urefu. Nilifunga kitambaa kidogo cha rangi ncha ya kamba ili nijue ni ya nani, nikaitundika kwenye msumari. Wenzangu waliojua kuandika walikuwa na daftari na utepe wa namba. Mimi nilikuwa na ukuta mzima wa kamba, na sikuwahi kukosea bega la mtu.

Kabla ya balo, lazima niseme habari ya baba yangu, maana aibu hii ina mzizi.

Baba yangu alikuwa mpiga magome katika vilima vya Kabare. Alichuna gome la mkuyu, akalilowesha, akaligonga kwa nyundo ya mti yenye mifereji siku nzima, hadi likawa jembamba na laini kama ngozi ya sikio. Watu walivaa nguo zake. Mimi ndiye niliyeleta amerikani nyumbani kwa mara ya kwanza, nikiwa kijana niliyekwisha jifunza cherehani kwa fundi mmoja wa Uvira. Mama yangu na shangazi zangu walivaa, wakazunguka uani wakicheka. Baba aliishika ile nguo kwa vidole viwili, akaniuliza:

"Sasa yangu atavaa nani?"

Nikamjibu, "Wafu, baba. Wafu hawachagui."

Watu walicheka. Na yeye alicheka kidogo, kisha akaenda kuinua nyundo yake, akaitia juu ya dari, na sikuisikia tena ikigonga. Wakati ule sikuona ubaya. Meli ilikuwa imeleta kitambaa kutoka viwanda vya mbali, kilichofumwa na mashine kwa siku moja kingi kuliko alichoweza baba kugonga mwaka mzima. Ilikuwa bahati yangu kusimama upande ambao meli ilishushia mzigo. Nilijiona hodari. Nilidhani bahati ni kazi ya mikono yangu.

Kaka yangu mkubwa alikuwa dereva wa lori. Alipeleka kahawa ya mashamba ya wazungu mpaka bandari ya Kalundu, kule Uvira, kwa barabara ile inayoshuka kwa kona hadi uwanda wa Ruzizi. Mizigo ilivushwa ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, ikapanda treni mpaka baharini. Katika safari zake alikwenda hata Shabunda, na huko akaoa mwanamke wa Kirega, akamleta Kadutu, mtaa wetu Waafrika mle Bukavu. Kwetu baadhi hawakupenda. Walisema, "Hakukuwa na wasichana huku mpaka avuke msitu?" Lakini alikuwa mwanamke wa bidii na wa maneno ya kuchekesha, na akamzalia kaka watoto watatu.

Kaka akafa kwenye zile kona za Kamanyola. Kwa desturi yetu mjane wa kaka ni mzigo wa mdogo wake. Nilitazamiwa nimchukue yeye na watoto chini ya dari yangu. Yeye akakataa kwa heshima. Aliniambia mbele ya wazee:

"Shemeji, weye uko na bibi yako, na bibi yako iko na ulimi. Miye nitajitafutia. Lakini uniwekee kidole."

Maana yake ni hii. Enzi ile mwanamke asiye na mume hakuruhusiwa kukaa Kadutu hivi hivi. Ofisi ya Wabelgiji ilitaka kujua anakula nini, na ilitaka mwanamume wa ukoo amdhamini. Asipokuwa na kazi ya kuonyesha, alirudishwa kijijini kwao. Na watoto wake wawili walikuwa wakisoma kwa mapadri; mkubwa alikuwa karibu kumaliza. Nikaenda ofisini, nikachovya kidole gumba katika wino, nikamwekea. Hilo ndilo jema nililofanya, nalo lilikuwa kidole tu.

Ndipo balo zikaja.

Balo ni robota la nguo kuukuu, zimebanwa kwa mashine na kufungwa mikanda ya chuma, kubwa kiasi cha kubebwa na watu wawili. Ndani mlikuwa na makoti, suruali, mashati, magauni ya wazungu wa Ulaya na Amerika ambao sikujua kwa nini wameyaacha. Sisi tulisema ni nguo za maiti. Zilifunguliwa sokoni Kadutu, wanawake wakaziuza chini, juu ya turubai. Shati lililokwisha shonwa, lenye vifungo vyote, liliuzwa kwa bei iliyokuwa chini ya bei ya kitambaa kitupu. Hata nikishona bure, mteja alikuwa bado anapata hasara kwangu.

Shemeji yangu alikuwa wa kwanza kuzinunua. Alichukua balo moja kwa yule yule Mhindi wetu, maana yeye ndiye aliyekuwa akiziagiza, akizirundika katika ghala nyuma ya duka. Nilimfuata huyo mwenye duka nikiwa na hasira. Alikuwa mtu mpole, amekaa kwenye kiti chake akitafuna karafuu.

Nikamwambia, "Bwana, unatuua."

Akasema, "Fundi, kaa. Mimi sikuui. Sikia. Malori yanashusha kahawa Kalundu. Kurudi, yanarudi matupu. Mwenye lori hataki kupanda ile kona na upepo mtupu, basi ananipakilia kitu chochote kwa bei ya bure. Nguo zenyewe huko zilikotoka ni takataka. Nalipa meli tu. Na pale forodha, ushuru ni mdogo. Zamani sana mataifa makubwa yalikaa mezani, yakakubaliana Kongo ni mlango wazi, kila taifa lilete mali yake sawasawa. Wewe ulikuwako? Mimi sikuwako. Nisipoleta mimi, ataleta Mgiriki wa pale mbele."

"Na sisi saba?"

Akatazama barazani. "Ninyi saba ni rafiki zangu," akasema. Lakini hakusema ataacha.

Nikarudi kwenye mashine yangu. Leo naona alinieleza sawa, na hakuficha kitu ila kimoja: kwamba katika hesabu ile ya lori na meli na forodha hapakuwa na mahali palipoandikwa fundi. Aliyefungua mlango hakuuliza ni nani amekaa nyuma yake.

Lakini usidhani watu walilia. Wachumaji wa kahawa walikuja sokoni Kadutu, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa na kaptura moja akaondoka na koti. Watoto wa mtaa wa Bagira walikwenda shuleni na masweta. Bibi yangu mwenyewe, yaani mke wangu, alinunua gauni akalificha nisilione. Kila mmoja alipata kidogo, na kwa kuwa ni kidogo hakuna aliyesimama kusema asante. Sisi mafundi tulikuwa wachache, tena tulikaa baraza moja, na hasara yetu ilikuwa kazi nzima, chakula na jina. Kwa hiyo sauti iliyosikika mjini ilikuwa yetu. Ungetusikia ungedhani Bukavu yote inalia.

Na balo haikuja peke yake. Miaka hiyo hiyo bei ya kahawa ilianguka. Walisema huko Brezili wamevuna kupita kiasi, na wanunuzi wa Ulaya wakashusha bei kwa watu wote. Wenye mashamba wakapunguza wachumaji. Makarani waliokuwa wakishona suti kwangu kila Pasaka wakaanza kuhesabu senti. Nikiangalia nyuma, naamini kahawa ilituumiza kama balo, au zaidi. Lakini bei ya kahawa haina sura. Hukuti bei imekaa sokoni juu ya turubai ikipiga kelele, "Karibu papa, chagua!" Balo ilionekana. Na aliyekuwa amekaa juu yake alikuwa shemeji yangu.

Siku moja alinijia barazani. Alikuwa amebeba koti jeusi la sufu, kubwa la ajabu. Akalitandaza juu ya mashine yangu bila kuomba ruhusa.

"Shemeji, angaria hii. Huyu muzungu alikuwa mutu ao nyumba? Batu banaipenda, lakini bakiivaa inabameza. Kama unapunguza mabega na mikono, nitaiuza mara mbili, tutagawana. Unazo kamba za mabega ya batu bote ba Bukavu pale kwa ukuta. Niazime kamba, nitapima makoti huko ndani ya balo mbele ya kuyatoa. Kila koti na mwenyewe."

Wenzangu walikuwa wameacha kukanyaga, wanasikiliza. Nikasema kwa sauti ya kusikika:

"Mimi ni fundi. Sishoni maiti."

"Maiti gani?"

"Hizo ni nguo za wazungu waliokufa."

Akacheka kwa kifua chote. "Kama bazungu banakufa bengi hivi, nani anabakia wa kututoza kodi? Shemeji, kama iko vile, tuombe bafe tena!"

Hata wenzangu walicheka, na kicheko chao kikanichoma. Nikalikunja lile koti nikamrushia. Alilidaka, akanitazama kidogo, akasema kwa upole, "Kazi imekuja na mulango mwingine, njo ile tu," yaani ndiyo kazi ile ile, kisha akaondoka. Andika hilo: aliniletea dawa ya ugonjwa wangu, nikamrushia usoni. Niliona haya kuajiriwa na mwanamke niliyemwekea kidole.

Mwaka ule tuliambiwa kwamba wanaume watapiga kura kuchagua madiwani wa mji. Hatukuwahi kupiga kura. Mtu mmoja wa kwetu, karani mwenye ulimi mtamu, akawa anatafuta kiti, naye akatuona sisi mafundi kabla sisi hatujajiona. Alikuja barazani akashika mkono wa kila mmoja. Hakusema habari ya kahawa, wala ya meza ya mataifa, wala ya ushuru wa Kalundu. Alisema:

"Mababa, nani anakula jasho yenu? Ni bageni. Mugeni wa duka na mugeni wa soko. Munipe kura, mulango tutaufunga."

Nakuambia, maneno yale yalipoingia masikioni yalikuwa kama maji ya kunywa. Miezi mingi nilikuwa na uchungu usio na jina, na sasa mtu mwenye tai amenipa jina lake: mgeni. Sikuuliza diwani wa Kadutu atafungaje mlango ulioko Kalundu, wenye ufunguo ulioko Ulaya. Wala sikuuliza kwa nini cherehani yangu, iliyotoka Ulaya, siyo mgeni. Na amerikani iliyonyamazisha nyundo ya baba, nayo siyo mgeni. Mimi niliyekula kwa mlango ule uliofunguliwa nilisimama mbele kabisa nikipiga makofi ufungwe.

Mafundi wa mabaraza yote wakakutana, tukapatana: Jumamosi, asubuhi ya soko kubwa, tutakusanya balo zote tuzichome. Wengine walisema tuanze na ghala la Mhindi. Ghala lilikuwa na kufuli na askari mwenye bunduki, na mwenye duka alijuana na wakubwa wa ofisi. Mzee mmoja akakohoa, akasema, "Tuanze kwa soko kwanza." Wote tukaona ni shauri la busara. Ndivyo hasira yetu ilivyoteremka kutoka kwa aliyeagiza mpaka kwa aliyeuza chini.

Habari ikavuja. Wanawake wa sokoni wakahamisha mizigo yao kwa ndugu. Siku ya Ijumaa shemeji yangu alikuja kwangu na mkokoteni. Alikuwa ametoka tu kuchukua balo mpya, akiba yake yote imeingia humo. Ikipotea, hana cha kuonyesha ofisini, na asipokuwa na cha kuonyesha, yeye na watoto wanarudi Shabunda. Alinieleza hivyo neno kwa neno, amesimama mlangoni.

"Niwekee, shemeji. Chini ya kitanda chako. Hapo hakuna mutu ataingia."

Na ni kweli. Kwetu mtu haingii chumba cha kulala cha mwanamume mwenye nyumba, hata mwenye hasira, hata askari wa serikali walisita. Na kilichowekwa chini ya kitanda cha shemeji ni amana. Nyumba ikiungua, unatoa amana kwanza ndipo utoe vyako. Hakuna mahali pengine Kadutu nzima palipokuwa salama kama pale. Tukaiburuta pamoja. Mikanda ilikwisha fungulika upande mmoja, maana alikuwa ameanza kuchagua. Aliisukuma mpaka nyuma ya mguu wa kitanda, akapangusa mikono, akasema, "Sasa weye nawe uko muuzaji wa maiti," akacheka, akaenda.

Kesho yake asubuhi tulikutana nyuma ya kanisa, wanaume wengi kuliko mafundi. Hasira za namna hii huwavuta hata wasiojua sindano, vijana waliotolewa mashambani, wapagazi, wavivu. Sokoni hapakuwa na balo hata moja. Ikawa vurugu. Mmoja wa wenzangu wa barazani, yule aliyekaa mashine ya pili kutoka kwangu, akaniinulia sauti:

"Tumuulize huyu! Weye unafunga vifungo, shemeji yako anavifungua. Nyumba moja mikono mbili!"

Wakacheka. Mwingine akasema, "Mwacheni, anakula kotekote." Na mwingine, "Labda kamba zake zinapima balo." Na yule karani mgombea alikuwa pale, amesimama kando na kofia yake mkononi, akinitazama kama mtu anayesubiri kuona bei ya kitu.

Hawakunigusa. Nataka uandike hivyo, ili mtu asidhani niliogopa fimbo. Hapakuwa na fimbo. Kilichokuwapo ni kicheko, na macho ya watu ambao nilitaka wanihesabu mmoja wao. Nikasema:

"Balo iko kwangu. Chini ya kitanda."

Hawakusogea. Hata hao walijua desturi. Walingoja. Ikabidi niende mbele mimi mwenyewe, nifungue mlango, niseme "Ingieni." Bibi yangu alisimama uani na kijiko mkononi, akanitazama. Waliiburuta ile balo mpaka uwanja wa soko, wakaikata mikanda, nguo zikafumuka kama matumbo. Wakamwaga mafuta ya taa.

Shemeji alifika mbio wakati moto haujashika vizuri. Alitafuta kwa macho ni nani aliyevunja mlango wangu. Aliona kwamba sijaumia, kwamba nguo yangu haikuchanika. Ndipo akajua. Watu walikuwa wakipiga kelele, "Arudi kwao Shabunda! Mugeni arudi kwao!" Mtoto wa Kongo kama sisi, mke wa kaka yangu, mama wa watoto wa ukoo wetu. Na ule ugeni haukuanzia kwa karani. Ulikuwa umelala nyumbani mwetu tangu siku aliyoolewa, karani aliuamsha tu.

Hakulia wala hakutukana. Aliingiza mkono pembeni mwa lile rundo, mahali moto haujafika, akavuta koti. Halikuwa lile jeusi. Lilikuwa la kijivu, la sufu nzuri, limekunjwa peke yake na kufungwa kwa kamba. Akanitupia. Lilinipiga kifuani likaanguka miguuni.

Niliinama nikaiokota kamba kwanza. Ilikuwa ya nyuzi za mgomba, imesukwa vibaya, na mtu asiyezoea. Ilikuwa na mafundo manne. Mimi nisiyesoma niliisoma kamba ile kwa vidole vyangu mara moja: bega, kifua, mkono, urefu. Yalikuwa ya kwangu. Alikuwa amelipima shati langu likiwa limeanikwa uani, na kwa kuwa nilimnyima kamba, alisuka yake, akatafuta ndani ya balo yote koti la mabega yangu. Lilikuwa halihitaji kupunguzwa hata kidogo.

"Nilisema uvae siku ya kura," akaniambia. "Upendeze."

Basi. Akageuka.

Wiki ile ofisi ilimwita, akaonyesha mikono mitupu. Nilimfuata nyumbani kwake nikamwambia awaache watoto kwangu wamalize shule, maana ni watoto wa ukoo. Kwa desturi nilikuwa na haki ya kuwadai. Alikuwa anafunga sufuria katika shuka. Akasema bila kuinua kichwa:

"Batoto yangu hapana lala mu nyumba ya kile kitanda."

Sikuitumia haki ile. Wakapanda lori la kwenda Shabunda, yule mkubwa akiwa ameshika ubao wake wa kuandikia. Hakumaliza shule. Nilisikia baadaye kwamba aliingia kuchimba dhahabu mitoni. Sikumtafuta. Naye hakunitafuta.

Sasa nikuambie tulichopata kwa moto ule.

Karani alipata kiti. Siku ya kura nilikwenda na shati langu la zamani, nikamchagua, kwa kuwa baada ya kulipa bei kubwa hivyo sikuweza kukiri kwamba sikununua kitu. Baraza la mji halikuwa na uwezo wowote juu ya forodha. Lilichoweza ni sheria ya soko tu, nalo likaitunga: nguo kuukuu zisiuzwe chini tena, ziuzwe dukani penye mlango na kibali. Tulishangilia. Wanawake wa turubai wakaondoka sokoni, na balo zikaendelea kupanda zile kona katika malori yaliyotoka kushusha kahawa, zikaingia ghala la yule yule Mhindi, ambaye sasa hakuwa na mtu wa kushindana naye, akapandisha bei. Kwa mchumaji wa kahawa koti likawa ghali tena, wala halikuwa ghali kiasi cha kumrudisha mteja kwa fundi ashonewe drili. Tuliwaumiza wanunuzi, tuliwafukuza wauzaji wadogo, na sisi wenyewe hatukupona. Diwani wetu nilimwona akitoka misa amevaa koti la balo. Nililijua kwa mshono wa kwapa.

Mafundi saba tulibaki watatu. Mwenye duka akaniita, akaniambia, "Fundi, makoti haya ni makubwa, wateja wanalalamika. Nikulipe kila wiki, uyapunguze mabega." Nikakubali. Nilikaa chumba cha nyuma, si barazani, nikazishusha kamba zangu kutoka ukutani, nikapima makoti ya watu waliokuwa hai au wafu, sijui. Ilikuwa kazi ile ile niliyoletewa juu ya mashine yangu, ya kugawana, na mtu wa nyumbani kwangu. Niliifanya kwa ujira wa mwingine mpaka wakati wa uhuru, na baada yake.

Katika chumba kile ndipo nilipoanza kumkumbuka baba yangu. Hakuchoma amerikani. Alikuwa na haki ya kunichukia kuliko mimi nilivyokuwa na haki ya kumchukia yeyote, naye alipandisha nyundo juu ya dari, basi. Na hakuna aliyemwendea kusema: mzee, meli imekuchukulia kazi, sisi tuliovaa tukupe nini? Mimi niliyefaidi ndiye niliyepaswa kusema hivyo. Ningekuwa nimelisema neno hilo mara moja maishani, labda ningelijua kulidai ilipofika zamu yangu, nikalidai kwa mwenye duka na kwa diwani, badala ya kuingiza watu chumbani mwangu.

Koti la kijivu sikulivaa, wala sikuliuza. Limo sandukuni. Siku nitakapokufa watu watakuja kulitoa wanivishe, kwa kuwa ni zuri na linanienea, nawajua. Usiwaache. Wewe ulipeleke Shabunda, uulize watoto wa kaka yangu, au watoto wao, ni nani linamwenea mabegani. Ukimpata, mpe na kamba. Usimweleze kwamba nilikuwa mtu mzuri. Msomee haya uliyoandika.

Mimi mnizike kwa gome, kama kuna mtu bado anajua kuligonga.